Kwa nini video safi hujaa viboksi ukiiposti, na namna ya kuandaa faili

Video yoyote unayoposti Instagram, TikTok au YouTube hubanwa upya na mtandao wenyewe. Watazamaji hawaoni faili ulilopeleka. Wanaona nakala nyepesi, iliyotengenezwa ili hata mwenye bando dogo aweze kuitazama. Nakala hiyo ina kiwango chake cha data kwa kila sekunde, na kila kilichomo kwenye picha kinagombania kiwango hichohicho.

Mimi hupiga video za harusi, na kinachonisumbua zaidi ni ukumbi wenye mwanga hafifu. Ukipandisha ISO ili kamera iongeze mwanga, pazia jeusi nyuma ya maharusi linajaa chenga ndogondogo ambazo kwenye kioo cha kamera huzioni. Ukuta uliotulia haugharimu data nyingi, kwa sababu mbano huhifadhi zaidi yale yanayobadilika kutoka fremu hadi fremu. Chenga hubadilika kila fremu, kwa hiyo zinakula data kama vile ni mwendo halisi. Uso wa bibi harusi na shanga za gauni lake hupata makombo, na ndipo unaona viboksi vikitembea shavuni.

Kwa hiyo ondoa chenga kabla ya kupakia, kwa kiasi kidogo tu. Ukizidisha, ngozi inakuwa kama plastiki. Kwa klipu ya wima iliyokwisha kuhaririwa, mimi hutumia programu ya ffmpeg hivi:

```
ffmpeg -i harusi.mov -vf "hqdn3d=2:1.5:3:3,scale=1080:1920" \
-c:v libx264 -crf 16 -preset slow -pix_fmt yuv420p \
-c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart harusi.mp4
```

Hapo `hqdn3d` ndiyo inayolainisha chenga. Namba ya `crf` ikishuka, ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. 16 inaacha akiba ya kutosha kwa mbano unaofuata. Kwa video ya 1080p yenye fremu 30, YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde. Mimi napenda kuzidi hapo, kwa sababu kasoro za mbano wa kwanza huhesabiwa na mbano wa pili kama sehemu ya picha.

Hapo ndipo wateja wengi wanapoharibu kazi. Unawatumia klipu WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa; wanaiposti, inabanwa tena. Itume kama Document, au weka kwenye Google Drive waipakue.

Ukitaka kupima, posti YouTube kwa Private, subiri toleo la HD likamilike, kisha tazama pazia na vivuli kabla ya kutazama nyuso. Pazia likitulia, nyuso nazo huwa salama. Vikaratasi vya rangi vinavyorushwa wakati wa kukata keki ni habari nyingine: ule ni mwendo wa kweli, huwezi kuusafisha. Hapo mimi huweka picha ya karibu ya mikono na kisu, ambako vikaratasi ni vichache.