Usisafiri kwa hesabu hiyo ya siku 14

"Nina kuku wa nyama 500, leo wametimiza siku 14. Kwa siku wanakula kilo 35, na stoo nina mifuko 10 ya kilo 50. Nimegawa nikapata siku 14, nataka kusafiri wiki mbili ninunue chakula nikirudi. Niko sawa?"

Usisafiri kabla hujaongeza chakula. Ahirisha hata kama tiketi umeshakata.

Kugawa umegawa vizuri, ila kilo 35 ni za leo tu. Kuku wa nyama hana kipimo kimoja cha kula, kila siku anaongeza. Leo kila mmoja anakula gramu 70, ambayo kwa umri huo ni kawaida kabisa. Wiki ya tatu chukua wastani wa gramu 90, wiki ya nne 130, wiki ya tano 165 hivi. Sasa toa wiki kwa wiki. Kuku 500 kwa gramu 90 ni kilo 45 kwa siku, siku saba ni kilo 315. Kwenye kilo zako 500 zinabaki 185. Wiki ya nne wanataka kilo 65 kwa siku, kwa hiyo hizo 185 hazifiki hata siku tatu. Stoo inakauka siku ya 10 na wewe bado uko safarini.

Nasema kwa uchungu kwa sababu hesabu hii hii niliuziwa na muuza vyakula wa mtaani kwetu. Alishika kikokotoo mbele yangu, akagawa, akanihakikishia kwamba mzigo unatosha hadi gari lake lirudi. Mtu anayeuza chakula cha kuku kila siku hajui kwamba kuku wanakua? Nilimwamini, na chakula kikaisha kijana wa banda akiwa peke yake. Alinunua pumba za mahindi kwa jirani ili kuku wasilale njaa, simlaumu hata kidogo. Lakini pumba zinajaza tumbo tu, protini ya kujenga nyama haitoshi. Wakaanza kudonoana mikia. Chakula halisi kilipofika akakimwaga kwenye vilishio vichache vya karibu na mlango, banda zima likakimbilia pale, wakapandana. Waliokuwa chini walikosa hewa wakafa, na hao ndio waliokuwa wazito, maana wazito ndio waliotangulia kufika. Waliopona hawakulingana tena. Mnunuzi alipokuja alichagua wakubwa akaondoka, wadogo nikaendelea kuwalisha hadi faida yote ikaliwa. Na yule muuzaji nilipompigia alisema kuku wangu ndio walafi!

Ikikutokea pamoja na tahadhari zote, usimwage chakula sehemu moja. Tandaza vilishio banda lote kwanza, jaza vyote kwa haraka mkiwa watu wawili, na maji yawepo tangu kabla.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni hii: gawa kwa wanachokwenda kula, si kwa walichokula leo. Tena hesabu kuku walio hai bandani, si idadi ya vifaranga uliyonunua. Na kilo za siku zipime: pima ulichoweka asubuhi, kesho yake saa ileile pima kilichobaki kwenye vilishio, tofauti ndiyo waliyokula pamoja na kilichomwagika kwenye maranda. Ukijaza kilishio hadi ukingoni, kinachomwagika si kidogo, nacho kinatoka kwenye mifuko yako ileile. Joto kali likija watapunguza kula na chakula kitasogea mbele siku kadhaa, lakini usilifurahie hilo, uzito nao unasimama. Na wakipunguza ghafla bila joto, angalia maji kwanza, kisha ugonjwa, kabla hujaandika kwamba stoo imeongezeka siku.

Kwa kuku wa mayai waliokomaa mgawo wako ungefaa, wao wanakaa kwenye gramu 110 hadi 120 kwa siku. Wako ni wa nyama.

Ukitaka kuwauza wakiwa na siku 35, kuanzia kesho hadi siku hiyo watahitaji kilo 315 wiki ya tatu, 455 wiki ya nne na karibu 580 wiki ya tano. Jumla ni kilo 1,350, na wewe una 500. Pungufu ni mifuko 17. Kama hela haitoshi yote, nunua 9 kabla hujaondoka, itakufikisha mwisho wa wiki ya nne na kukuachia akiba ya siku mbili. Iliyobaki agiza ukiwa huko, lakini gari lifike siku tatu kabla ya mfuko wa mwisho kufunguliwa, na kijana akutumie kila jioni idadi ya mifuko ambayo haijafunguliwa.