Kwa nini Tabari amekatakata uasi wa Wazanji?

"Mwanahistoria Tabari anakatakata uasi wa Wazanji, watumwa wa kusini mwa Iraq, mwaka kwa mwaka. Si bora historia ya mada?"

Kwa kufuata kisa, ndiyo. Lakini fungua mwaka 262 Hijria (876): jeshi la khalifa linapambana na Yaakub Saffari, mtawala muasi kutoka mashariki, karibu na Baghdad, na mwaka huohuo Wazanji wanasambaa kwenye vinamasi vya kusini. Ukiusoma uasi peke yake, utadhani ni nguvu zao tu. Kumbe askari walikuwa kwingine. Tabari haelezi uhusiano huo waziwazi, anaziweka habari jirani. Hata hivyo Ibn al-Athir, mwanahistoria wa baadaye, alilalamika kama wewe. Naye alifuata miaka, ila tukio lililotawanyika alilikusanya mahali pamoja. Kwake kisa kinasomeka vizuri, na ujirani huo wa habari ndio unaopungua.