Ukingo wa mtandio haulainishwi

Swali: *Namalizia filamu fupi tuliyoipiga Makambako. Mwigizaji mkuu alisafiri kabla hatujamaliza, kwa hiyo sini za mwisho alizicheza dada mwingine mwenye umbo kama lake, na wote wawili wameridhia sura ibadilishwe. Natumia DeepFaceLab, programu ya kubadilisha sura, kwa aina ya uso ya `whole_face`. Usoni pametulia, lakini pale mtandio unapokutana na paji la uso panachezacheza, pana mstari wa rangi kama kahawia, na fremu nyingine zinaonekana kama zina nywele. Nimeambiwa niongeze ulaini wa maski. Halafu ndugu wa mwigizaji amenitumia picha zake za nyumbani akiwa kichwa wazi, ili modeli ipate paji lote. Nizitumie?*

Jibu: Picha hizo zifute, na ulaini usiuongeze. Nitaanza na ulaini, kwa sababu karibu kila anayeniletea kazi ya namna hii hapa Mbeya ameshapitia kwa fundi aliyemwambia hayohayo: ukingo ukionekana, lainisha. Ushauri huo umeharibu sini nyingi kuliko modeli mbovu.

Ngozi inapokutana na ngozi unaweza kulainisha, kwa kuwa pande zote mbili ni kitu kimoja. Mtandio na paji la uso ni vitu viwili, kimoja kimekaa juu ya kingine. Kitazame kwa karibu: pindo la kitambaa lina mstari mkali, chini yake kuna kivuli chembamba kinachofuata kila mkunjo, na baada ya kivuli ndipo ngozi inapoanza kung'aa. Macho ya mtazamaji yanakitegemea kile kivuli ili kujua kwamba kitambaa kimevaliwa kweli.

Sasa pima. Kama video yako ni 1920 kwa 1080 na uso una upana wa piseli 280 hivi, basi kwa kuwa uso wa mtu mzima ni kama sentimita 14, kila milimita ni piseli 2. Kivuli cha mtandio kikiwa na milimita 3 au 4, ni piseli 6 hadi 8 tu. Ukilainisha ukingo kwa upana wa piseli 40, umechanganya sentimita 2 nzima za kitambaa, kivuli na ngozi. Kivuli kimekufa, pindo limeyeyuka, na mtandio unaonekana kama umepakwa rangi kichwani. Kwa jua letu la nyanda za juu, ambalo kivuli chake hukatika kwa ukali, kosa hilo linaonekana hata kwenye skrini ya simu.

Mstari wako wa kahawia una chanzo chake, na hauhusiani na ulaini. Nukta za uso ambazo programu hizi huzitegemea kupanga sura ni 68, na zile za juu kabisa ni za nyusi. Hakuna hata moja iliyoko kwenye paji. Kwa hiyo kila kinachotokea juu ya nyusi ni makisio, mpaka wewe mwenyewe uifundishe XSeg, ile sehemu ya DeepFaceLab ya kuchora maski, mahali ngozi inapoishia. Ninavyoona kutokana na maelezo yako, hukuutenga mtandio kwenye nyuso za mwigizaji mkuu, yaani upande wa `src`. Modeli imejifunza kwamba rangi ya mtandio wake ni sehemu ya paji lake. Inapopelekwa kwenye sini ambayo dada wa pili amevaa mtandio wa rangi nyingine, inachora ule wa kwanza pembeni ya huu wa pili, na rangi mbili zikichanganyika unapata huo mstari. Zile nywele zimekuja hivyohivyo, kutoka kwenye fremu au picha ambazo nywele ziliachwa ndani ya maski.

Rudi kwenye XSeg. Chora mipaka upya pande zote mbili, `src` na `dst`, yaani upande wa dada wa pili, mstari upite chini ya pindo upande wa ngozi, usipande juu ya kitambaa hata kidogo. Usichague fremu zinazofanana. Chukua kichwa kikiwa kimeinama, kimegeuka kushoto na kulia, na hasa zile ambazo upepo wa Makambako umeinua mtandio ukaangukia shavuni. Fundisha maski, kisha itumie kwenye nyuso zote kabla hujarudi kuifundisha modeli. Wakati wa kuunganisha, kwenye aina ya maski chagua `XSeg-prd*XSeg-dst`. Hapo programu itabandika sura pale tu ambapo maski zote mbili zinakubaliana kwamba pana ngozi.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye hatua inayofuata, na ndiyo ambayo mafundi wa kubofya huiruka. Kwa nini ulazimishe sura mpya ifike mpaka kwenye mtandio? Paji la dada wa pili lina kivuli halisi cha mtandio halisi, kilichopigwa na jua halisi la siku ile. Liache. Sura mpya iishie katikati ya paji, na mshono wako uwe hapo, kwenye ngozi tupu. Kwenye sini yako, kama kati ya nyusi na mtandio kuna sentimita 3, una piseli 60 za kuchezea. Hapo ndipo ulaini unaporuhusiwa: piseli 25 hivi katikati ya ukanda huo, ukiacha zaidi ya 15 kila upande, ili nyusi zisiguswe na kivuli kisiguswe.

Njia hii inataka rangi za ngozi zifanane. Kama mmoja ni mweusi zaidi, paji litaonekana limeunganishwa. Rekebisha rangi ya sura mpya ifuate paji, usifanye kinyume, kwa sababu paji ndilo linaloshikana na shingo na mikono ya mtu aliyekuwa pale. Rekebisha pia punje za picha. Sura inayotoka kwenye modeli huwa laini kuliko video, na ikikaa jirani na uzi wa kitambaa unaoonekana mmojammoja, inajitangaza. Ongeza punje kidogo kwenye sura. Usiufifishe mtandio ili ulingane nayo.

Njia hii hukwama pale ambapo hakuna paji la kuachia. Huku kwetu mwezi wa Juni na Julai kila mtu amevuta mzula mpaka nyusini, na kapelo nayo hutupa kivuli kipana hadi puani. Hapo inabidi upange leya: video ya asili chini, sura mpya juu yake, kisha juu kabisa kipande cha mzula kilichokatwa kutoka kwenye video ileile ya asili, ukingo wake ukiwa na ulaini wa piseli 1 au 2 tu. Sura iingie chini ya mzula, isisimame mbele yake. Kipande hicho kikate kwa mkono kwenye DaVinci Resolve, na ufuatilie mwendo wa kofia yenyewe, maana kofia huteleza kidogo mtu anapoongea au kuinua nyusi. Kivuli cha kapelo kichukue kutoka kwenye video ya asili na ukiweke juu ya sura mpya kwa modi ya Multiply. Ukikichora kwa brashi, hakitaifuata pua inapogeuka. Kwa mzee mwenye baraghashia, ambayo huacha nywele za kandokando wazi, mvi za pale ni za mwili uliopo kwenye sini na zibaki kama zilivyo. Vivyo hivyo kwa kilemba cha Kalasinga: nywele za kwenye panja zinapanda na kuingia ndani ya kitambaa, na ndevu zinaungana nazo. Maski ikikata hapo umemnyoa mtu ambaye kutonyoa ni sehemu ya dini yake.

Ukimaliza usiamini macho yaliyochoka. Linganisha video mbili, ya asili na iliyobadilishwa, kwa amri hii:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -i mpya.mp4 -filter_complex "[0:v]format=gbrp[a];[1:v]format=gbrp[b];[a][b]blend=all_mode=difference,format=yuv420p" tofauti.mp4
```

Video hizo ziwe na ukubwa na idadi ya fremu inayolingana. Palipobadilika patang'aa, pasipobadilika patakuwa peusi. Vidoadoa hafifu vya mgandamizo wa video visikusumbue. Lakini ukiona mtandio umechorwa na mwanga pembezoni, hata kwa fremu moja, maski yako imepanda juu ya kitambaa. Rudi ukairekebishe fremu hiyo na jirani zake.

Sasa zile picha za kichwa wazi. Kiufundi hazikusaidii kitu, kwa sababu paji lililo chini ya mtandio halionekani kwenye sini na hakuna anayelihitaji. Na hata zingesaidia, hazikuwa za ndugu yake kukupa. Mwigizaji aliridhia sura yake kama alivyojionyesha mbele ya kamera, akiwa amejisitiri. Hakuridhia nywele zake ziingie kwenye kompyuta yako. Modeli haisahau ilichofundishwa: ukishaziweka, zinaweza kuchomoza kwenye fremu usiyoitazama, na mtazamaji atadhani kuwa ni nywele za yule dada, kumbe ni za kubuni. Kama tayari ulishazitia kwenye seti, usiitegemee maski kuzificha. Zitoe, na modeli uifundishe upya tangu mwanzo.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu siku hizi wamejaa watu wenye apu za simu wanaotangaza kubadilisha sura kwa dakika moja. Mteja anapakia picha ya mama yake mwenye ushungi, apu inairudisha ikiwa na kinywele kilichochomoza juu ya paji, au imeuvuta ushungi nyuma ili uso "uonekane vizuri", na fundi anaipeleka kuchapishwa kwa ajili ya harusi au, vibaya zaidi, msiba. Wengine huchukua uso wa binti kwenye kurasa zake na kuuweka kwenye mwili wa mtu asiyemjua, wakisema mtandio umebaki kwa hiyo hakuna ubaya. Upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na picha ya uso wa mtu ni taarifa yake. Kazi ambayo mwenye uso hajaikubali mwenyewe mimi siipokei, hata ikiletwa na mumewe au kaka yake.

Karatasi ya makubaliano yako iongezee mistari miwili: kwamba vazi la kichwani halitaondolewa, halitasogezwa wala kubadilishwa, na kwamba wote wawili wataziona sini hizo kabla hazijatoka. Mwenye mtandio mwilini naye ana haki ya kukagua, si mwenye sura peke yake. Fremu watakayoikataa, usibishane nao kwa hoja za ufundi. Kata sini kabla ya hapo, au tumia pembe ambayo dada wa pili amepigwa akiwa amegeuza mgongo.