Hoja ya mbalamwezi: mtego wa maswali ya "kama" kwenye usaili

Vijana ninaowasaidia kujiandaa na usaili hapa Kigoma hesabu wanazimudu. Kinachowaangusha ni hoja fupi za mistari mitatu. Hii huwa nawapa mapema kabisa:

Kukiwa na mbalamwezi kali, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Jana usiku hawakuingia. Kwa hiyo jana kulikuwa na mbalamwezi kali.

Je, hitimisho hilo ni la lazima? Wengi husema ndiyo, na wa kwanza kusema ni yule aliyekulia Kibirizi. Anajua dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka sana taa hazina nguvu. Ujuzi huo ndio unaomponza, maana swali haliulizi kama jambo linaelekea kuwa kweli. Linauliza kama sentensi mbili za kwanza zinalilazimisha.

Anza kwa kutafuta sharti, yaani kile kipande chenye "kama", "ikiwa" au ile "-ki-" ya "kukiwa". Watunzi hupenda kukificha mwishoni: "Wavuvi hawaingii ziwani kukiwa na mbalamwezi kali." Sharti bado ni mbalamwezi, kubaki nchi kavu ni tokeo. Kisha tazama sentensi ya pili imethibitisha kipi. Hapa imethibitisha tokeo, halafu hitimisho likarudi nyuma kudai sharti. Hapo ndipo kosa lilipo.

Ukisitasita, tafuta sababu nyingine ya tokeo lile lile. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Chukua usiku wowote wa giza wa Juni mwaka ule: wavuvi wanaotii amri wako nyumbani, na mwezi hauhusiki. Sentensi mbili za mwanzo zinabaki kweli, hitimisho ni uongo. Mfano mmoja wa namna hiyo unatosha kuiangusha hoja.

"Jana hapakuwa na mbalamwezi kali, kwa hiyo waliingia" inaanguka kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini angalia hii: "Jana waliingia, kwa hiyo hapakuwa na mbalamwezi kali." Hii ni sahihi. Mwezi ungekuwa mkali, wasingeingia, na wameingia. Naona vijana wakiikataa kwa sababu wameshazoea kuogopa kila hoja inayoanzia kwenye tokeo. Kukanusha tokeo kunakanusha sharti. Kulithibitisha hakuthibitishi chochote.

Soma pia neno "pekee" kwa makini. Swali likisema "mbalamwezi kali ndiyo sababu pekee inayowazuia wavuvi kuingia ziwani", hoja yetu ya kwanza inakuwa sahihi, na ule mfano wa 2024 hauruhusiwi tena. Unajua sentensi hiyo si kweli huku kwetu, lakini kwenye chumba cha mtihani unaipokea kama ilivyoandikwa.