Mistari ya grafu ikikatana, usisome wastani wa jumla

"Kaka, hapa Masindi nimejaribu maharage aina A na B, bila mbolea na kwa mbolea. Wastani, tani kwa hekta: A 1.2 na 1.4, B 0.8 na 2.0. Mistari ya grafu imekatana. Niandike kwamba mbolea inaongeza 0.7?"

Usiandike hivyo, ndugu yangu. Hiyo 0.7 haipo kwenye shamba lolote. Soma kila mstari peke yake: A imepanda 0.2, B imepanda 1.2. Tofauti ya tofauti hizo, 1.0, ndiyo mwingiliano wenyewe: faida ya mbolea inategemea aina. Kukatana kunaongeza jambo zito kwa mkulima: bila mbolea A inashinda, kwa mbolea B inashinda, kwa hiyo hakuna aina bora kwa wote.

Lakini jicho hudanganyika, maana mistari ya sampuli ni nadra kwenda sambamba kabisa. Chukua kosa sanifu la wastani mmoja, ulizidishe kwa 2 upate kosa sanifu la ile 1.0, kwa kuwa wastani zote nne zimeingia kwenye hesabu na kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Likiwa 0.15, unapata 0.3, na 1.0 ni zaidi ya mara tatu yake: mwingiliano upo. Likiwa 0.5, grafu ileile haithibitishi kitu.