Anaandika, anafuta, ananyamaza: ana maana gani?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Chikongola, Mtwara mjini. Mchumba wangu ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huko Tandahimba. Tangu msimu wa korosho uanze, nikimwandikia asubuhi tiki zinakuwa bluu hapo hapo, lakini majibu yanakuja saa tatu usiku. Wiki iliyopita nilimwandikia jioni: "Nyumbani wanauliza barua ya posa inakuja lini, au unanipotezea muda?" Tiki zikawa bluu. Nikaona "anaandika…", ikapotea, ikarudi, ikapotea. Kesho yake akanisalimia kama kawaida, na hilo swali hajaligusa mpaka leo. Shoga yangu anasema mwanaume akiandika akafuta, ujue ana mwingine. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la shoga yako, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hiyo "anaandika" kwenye WhatsApp inakutokea pale tu mtu anapobonyeza herufi ndani ya mazungumzo yenu ninyi wawili. Angekuwa anachati na mwingine, wewe ungeona tu kwamba yuko mtandaoni. Kwa hiyo jioni ile vidole vyake vilikuwa kwenye swali lako. Kama ana mwingine au hana, dalili hii haina habari hiyo kabisa, na shoga yako ameisomea mahali ambapo haikuandikwa.

Ilipopotea, maana yake ni kwamba aliacha kubonyeza. Huenda alifuta, huenda aliitwa, huenda mtandao ulikata. Iliporudi, alijaribu tena. Hapo ndipo simu inapoishia kusema. Mwanaume anayekupenda lakini hana mahari mkononi atafanya hivyo hivyo. Anayesubiri malipo ya korosho za kwao ndipo aende kuwaona wazee, hivyo hivyo. Na asiyetaka kuoa ila hajui akuambie vipi, naye hivyo hivyo. Watu watatu wenye nia tofauti, na kwenye kioo chako wanaonekana mtu mmoja.

Halafu lisome tena swali lako kwa jicho lake. Ndani yake mna maswali mawili. La kwanza, barua inakuja lini, linajibika. La pili, "au unanipotezea muda?", ni shutuma, na mtu akishutumiwa hujitetea kwanza kabla hajafika kwenye tarehe. Kujitetea kwa meseji, jioni baada ya kazi, wengi huanza wakashindwa kumaliza. Sikulaumu kwa kuuliza. Una haki ya kuuliza, na miaka 26 si umri wa kuzungushwa. Nasema tu kwamba kimya cha jioni ile kilikuwa na sababu nyingine iliyo wazi, nayo ni uzito wa swali lenyewe.

Sasa tiki za bluu za asubuhi. Bluu inasema mazungumzo yenu yalifunguliwa kwenye simu yake baada ya meseji kufika. Haisemi kama aliisoma mpaka mwisho, wala kama alikuwa na nafasi ya kujibu. Hata kama aliacha mazungumzo yenu wazi kwenye kioo, ya kwako ikiingia inageuka bluu hapo hapo. Kinyume chake pia kipo: mtu anaweza kuisoma meseji nzima juu ya kioo inapoingia, asiifungue, na wewe ukabaki na tiki za kijivu. Na tiki moja tu, ukiiona siku moja, ni simu iliyozimwa au isiyo na bando au mtandao. Aliyekublock naye huacha tiki moja hiyo hiyo, kwa hiyo usiikimbilie kuipa maana.

Mfikirie karani saa mbili asubuhi msimu huu. Wakulima wamejipanga na magunia, kila gunia linapanda mizani, kilo zinaandikwa, na mwenye mzigo amesimama pembeni akitazama kalamu, kwa sababu hapo ikikosewa tarakimu moja ni malipo yake yamekosewa. Simu inalia, anaona ni wewe, anafungua meseji, anairudisha simu mfukoni. Bluu yako ni huko kufungua.

Kuchelewa kwake kupime kwa mazoea yake mwenyewe, si kwa mazoea yako wala ya mume wa jirani. Kabla ya msimu alikuwa anajibu saa ngapi? Siku ambazo hakuna upimaji, anajibu mapema? Na akijibu hiyo saa tatu usiku, anagusa ulichoandika? Anauliza mama ameamkaje, anakumbuka ulisema una homa? Mtu anayejibu usiku kila siku, saa ile ile, na jibu lina mwili, amebanwa na kazi. Ningeanza kuwa na wasiwasi kama siku ya mapumziko nayo ni hivyo hivyo, na majibu yenyewe ni "poa" na "usiku mwema" tu. Minada ya korosho ikishaisha na majibu bado ni ya saa tatu usiku, kisingizio cha mizani kitakuwa kimekwisha.

Lakini, mwanangu, kuna jambo moja ambalo sitakuficha. Tiki ziache, "anaandika" iache. Kukusalimia kesho yake na kulipita swali la posa siku zote hizi, hilo si la kupuuza. Bado halikuambii hakupendi. Linakuambia analikwepa, na sababu anayo yeye. Sababu hiyo hutaipata kwa kuchungulia saa aliyoonekana mara ya mwisho.

Usimtumie tena meseji ya swali hilo, wala alama za kuuliza tatu tatu, wala usimlipize kwa kumnyamazia. Akishajibu usiku, mwandikie hivi: "Ukimaliza kula naomba nikupigie dakika kumi, nataka tuongee kuhusu barua." Hapo anajua unapigia nini, na ana muda wa kujipanga. Akipokea, la kupotezewa muda usilitaje. Muulize: "Kwenu umeshamwambia nani habari zangu? Mjomba wako anajua?" Kwetu huku kusini unajua mjomba alivyo na neno kwenye ndoa. Mwanaume mwenye nia, hata kama hana shilingi, atakutajia mtu aliyemwambia, au atakwambia wazi kwamba hajamwambia na kwa nini. Kisha muulize barua anaiona kabla ya minada kuisha au baada yake, mwezi gani.

Jibu lenye jina la mtu na mwezi unaweza kulifuatilia. "Tutaona" ya kwanza msamehe, amechoka. Akisema "tutaona" tena mkionana ana kwa ana, na mazungumzo hayo ya pili msiyafanye kwa simu, apande gari aje Mtwara au wewe umfuate Tandahimba ukiwa na dada yako, basi hiyo ndiyo jibu lake, na utakuwa umelisikia kwa masikio yako.

Wakati unasubiri, ingia kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp uzime taarifa za kusoma. Ukizizima, na wewe hutaona bluu zake. "Anaandika" haizimiki, hiyo itabaki, kwa hiyo ukishatuma meseji toka kwenye mazungumzo hayo.

Na nyumbani waambie tu kwamba mmepanga kulizungumza, na kwamba utawapa jibu msimu ukifungwa.