Folda ya Library kwenye Mac: wapi imejificha na nini usikiguse

Hii ni kwa wadogo zangu mnaoanza kazi za kuhariri video hapa Mbeya, hasa nyie mliozoea Windows halafu mkafika studio mkakabidhiwa Mac ya mtumba ya diski 256GB na kazi tatu za sendofu wikiendi moja. Kuna siku utafika asubuhi Mwanjelwa baridi kali, mikono hata kushika mausi haitaki, unafungua mashine inakwambia diski imejaa. Utafuta Downloads yote, utafuta picha za desktop, utapata kama 3GB hivi, na kesho yake imejaa tena. Hapo sasa ujue mzigo uko mahali ambapo huoni.

Mahali penyewe panaitwa Library na pamo ndani ya folda yako ya nyumbani, ile yenye jina lako na alama ya kanyumba. Zamani ilikuwa inaonekana kama Documents tu, ila kuanzia toleo la Lion la mwaka 2011 wakaificha watu wasiichezee. Haijaondolewa wala haijafungwa kwa paswedi, imewekewa tu kialama cha kujificha, ukitaka kukiona andika hivi kwenye Terminal, ile programu ya kuandikia amri:

```
ls -lOd ~/Library
```

Kwenye mstari utakaotoka utaona neno `hidden` limekaa katikati, basi hicho ndicho kinachoificha.

Kuifungua mimi natumia njia moja kila siku. Nenda Finder, fungua menyu ya Go pale juu, halafu ukiwa umeifungua shikilia kitufe cha Option. Library inachomoza yenyewe chini ya Home, ukiachia kitufe inapotea. Dogo mmoja wa kwetu alishinda nusu saa anasema haipo, kumbe alikuwa anabonyeza Option na kuachia halafu ndio anafungua menyu. Ukitaka ionekane muda wote, ingia kwanza kwenye folda yako ya nyumbani, bonyeza Command na J, weka tiki kwenye Show Library Folder. Hiyo tiki inatokea tu ukiwa umesimama kwenye folda ya nyumbani yenyewe, ukiwa Documents huioni. Wanaopenda kuandika watumie hii, kazi ni ileile:

```
chflags nohidden ~/Library
```

Ukiapdeti mfumo inaweza kurudi kujificha, usishangae, rudia tu.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea, nisikilizeni vizuri. Kuna njia ya kubonyeza Shift, Command na G halafu unaandika mahali unapotaka kwenda. Ukiandika `~/Library` unaenda kwenye ya kwako. Ukisahau kile kimkia cha mbele ukaandika `/Library` unaenda kwenye Library nyingine kabisa, ya mashine nzima, inayotumiwa na kila mtu mwenye akaunti kwenye hiyo kompyuta. Na balaa ni kwamba ndani zinafanana! Zote zina Application Support, zote zina Caches, zote zina Preferences, hata folda ya Adobe utaikuta kote kote. Tofauti ni kwamba ile ya mashine ina vipande vya programu zenyewe, ukifuta huko programu haifunguki tena mpaka uinstoli upya, na bando la kudaunlodi upya mnalijua bei yake. Dalili ya kwamba umekosea njia ni moja: ukijaribu kufuta kitu mashine inakuomba paswedi. Kwenye Library yako mwenyewe faili za kawaida haziombi paswedi. Kwa hiyo ikikuomba usiiandike kwa mazoea, simama, angalia uko wapi.

Haya, tumeingia, folda ziko kibao. Kwa kazi yetu sisi ni tatu nne tu za kujua. Caches ni vitu ambavyo programu imeviweka ili isivitafute tena, vikifutwa inavitengeneza upya. Preferences ni vifaili vinavyoishia na `.plist`, seti zako za kila programu, vidogo mno, havijazi diski ya mtu, achana navyo. Containers na Group Containers ni vyumba vya programu zile zinazofungiwa kila moja na chake, mfano WhatsApp ya kwenye Mac inaweka picha na video zake huko Group Containers, na kama uko kwenye magrupu ya kamati za harusi saba unaweza kufikiria mwenyewe. Halafu kuna Application Support, na hiyo ndiyo inayotesa watu, kwa sababu jina lake halikwambii ndani kuna uchafu au kuna mali. Viko vyote viwili.

Twende na kesi ya juzi. Mashine ya studio, 256GB, imebaki 4GB, mteja anataka video ya sendofu jioni na kuexport kunagoma. Kwenye System Settings, General, Storage, sehemu kubwa imeandikwa System Data ya kijivu, haielezi ni nini. Nikamwambia dogo asifute kitu, kwanza apime:

```
du -hd 1 ~/Library | sort -h | tail -4
```

Ikachukua kama dakika mbili ikatoa hivi:

```
5.2G  /Users/studio/Library/Caches
 11G  /Users/studio/Library/Group Containers
104G  /Users/studio/Library/Application Support
123G  /Users/studio/Library
```

Mstari wa mwisho ni jumla yote. Njiani inaweza kukutolea mistari ya `Operation not permitted`, hasa kwenye vitu kama Mail, Safari na MobileSync, usipaniki, ni kwamba Terminal haijaruhusiwa kuchungulia huko, kwa hiyo hizo hazijahesabiwa. Ukitaka zihesabiwe unaipa ruhusa kwenye Privacy & Security, Full Disk Access, unaifunga Terminal unaifungua tena. Sisi tulikuwa tumeshaipa, na mwizi alishaonekana.

Unaona hapo, mtu angekimbilia Caches kwa sababu jina linaita, angefuta 5GB zake akarudi palepale. Tukapima tena kwa amri ileile, ila mahali pa `~/Library` tukaandika `~/Library/Application\ Support`, zikatoka mbili kubwa, Adobe 63GB na MobileSync 38GB.

Ya Adobe tukaifuata mpaka ndani, `Adobe/Common`, tukakuta folda inaitwa Media Cache Files na mwenzake Media Cache. Ukiifungua hiyo ya kwanza utaona mafaili mengi yanaishia na `.cfa` na `.pek`. Hayo ni Premiere ndiyo imetengeneza, kila ukiingiza video inaiandaa sauti yake na kuchora yale mawimbi ya sauti unayoyaona kwenye taimlaini. Kila harusi uliyowahi kuhariri imeacha yake humo. Video zenyewe za mteja hazimo kabisa, ziko kule ulikozikopi kutoka kwenye kamera. Kwa hiyo haya ni uchafu unaotengenezeka upya, unafutika.

Ila usiyafutie kwenye Finder kama Premiere yenyewe inafunguka. Funga projekti zote, ingia kwenye Settings za Premiere, Media Cache, bonyeza Delete, chagua kufuta zote. Inasafisha mafaili pamoja na kile kidaftari chake kinachokaa kwenye Media Cache kikionyesha kipi ni cha video ipi. Ukifutia Finder mara nyingi unafuta folda moja unasahau nyingine. Tukapata 60GB na ushee. Gharama yake ni hii, ukifungua tena projekti ya zamani inaanza kuandaa sauti upya, utaona mstari unatembea chini kulia na mawimbi hayapo kwanza, projekti ya kamera tatu inaweza kukukalisha muda mrefu tu. Ndiyo maana mimi siruhusu mtu afute saa moja kabla ya mteja kufika, na umeme wenyewe ndio huu. Kwenye hiyohiyo sehemu ya Media Cache kuna pa kuihamishia kwenye diski ya nje, tukafanya hivyo, sasa haijazi tena mashine.

Dogo akauliza, na hii MobileSync je, kaka, si tuifyeke tu? Nikamwambia hiyo toa mkono.

Ndani yake kuna folda inaitwa Backup, na ndani ya Backup kuna folda zenye majina ya namba na herufi tupu, ndefu, hazisomeki, ukiziangalia unasema hizi ni takataka za mfumo. Mimi mwenyewe nilisema hivyo miaka ya nyuma nikafuta moja nikamwaga na Trash, nikafurahi nafasi imerudi. Miezi miwili baadaye dada yangu akanipigia kutoka Tukuyu, aifoni yake imetumbukia kwenye ndoo ya maji imekufa, akaniambia kwa amani kabisa, "si uliniwekea bekapu kwenye kompyuta yako?" Ndiyo nilimwekea. Ndiyo ile. Lile jina lisilosomeka ni namba ya utambulisho ya simu, na kila simu iliyowahi kufanyiwa bekapu kwenye hiyo Mac inakaa humo. Picha za mtoto wake mwaka mzima zikaenda na maji, na mpaka leo nikienda kwao hilo halisemwi ila lipo.

Kwa hiyo bekapu za simu usizihukumu kwa macho. Rudi kule Storage, kuna mstari wa iOS Files, ukiufungua unakuonyesha bekapu kwa jina la simu, si kwa namba. Pale ndipo unapojua ni ya nani. Kwetu zilikuwa mbili, moja ya bosi na moja ya kijana aliyeacha kazi. Bosi akapiga simu kuuliza, kijana akasema simu aliuza zamani na ana nyingine, picha zake zote anazo, tukaifuta hiyo moja palepale, 21GB. Ya bosi tukaiacha.

Kuna folda nyingine inaitwa Mobile Documents, hiyo ndiyo iCloud Drive yenyewe, si kopi. Ukifuta kitu humo kinaondoka na kwenye simu ya mwenye akaunti. Ukishagundua umekosea, kama bado kiko Trash, kikliki kulia uchague Put Back.

Na hapo kwenye Trash, dogo alifuta bekapu ya WhatsApp ya zamani aliyokuwa ameikopi pembeni, akaja kuniambia nafasi haijaongezeka hata kidogo. Trash ipo kwenye diski hiyohiyo, kitu kimehama chumba tu, nafasi inarudi ukishaimwaga. Mimi huwa naiacha siku mbili tatu kabla ya kumwaga, nikiona programu zote zinafunguka na hakuna aliyepiga simu kulalamika, ndio namwaga.